Ukuta Unavutwa, Fomula Yasema Sifuri

Kila ninaposahihisha mitihani ya mekanika ya vimiminika, kuna swali moja ambalo majibu yake huniambia mapema nani ameelewa na nani amekariri. Swali lenyewe ni fupi. Mwanafunzi anapewa uga wa mwendo wa mafuta mazito katika bapa la x na y:

u = Ax²,  v = −2Axy

Hapa u ni mwendo wa kuelekea x, v ni mwendo wa kuelekea y, na A ni namba isiyobadilika. Anaambiwa ukuta uko mahali x = 0, kisha anaulizwa mafuta yanauvuta ukuta huo kwa mkazo kiasi gani. Wengi huandika haraka τ = μ ∂u/∂y, wanaona kwamba u haina y ndani yake, wanapata sifuri, wanapigia mstari na kwenda swali linalofuata. Jibu hilo si kweli. Mafuta yanateleza kando ya ukuta, yanaukokota, na fomula waliyoitumia imewaambia hakuna kitu.

Msimamo wangu katika safu hii ni kwamba τ = μ ∂u/∂y haistahili kufundishwa kama sheria ya mnato. Ni kipande cha sheria, kinachofaa pale tu mafuta yanapokwenda upande mmoja na kubadilika mwendo upande mwingine, kama kati ya vibao viwili sambamba. Sheria yenyewe ilikamilishwa na Claude-Louis Navier mwaka 1822 na George Stokes mwaka 1845, na ndani yake jambo la kwanza si kuzidisha kwa μ. Jambo la kwanza ni kutenganisha kugeuka umbo na kuzunguka. Asiyefanya hivyo atapata mkazo pasipo na mkazo, au ataukosa pale ulipo.

Tuutazame uga wenyewe kwanza, maana una sura. Chukua sinia bapa yenye mafuta ya nyonyo, ukuta wake wa kushoto ndio x = 0, na mstari wa katikati ndio y = 0. Juu ya mstari huo y ni chanya, kwa hiyo v ni hasi: mafuta yanashuka. Chini ya mstari y ni hasi, v inakuwa chanya: mafuta yanapanda. Mikondo miwili inakutana kwenye mstari wa katikati, na kwa kuwa u ni chanya, yote inaondoka ukutani kuelekea kulia. Penye ukuta wenyewe, x ni sifuri, na u na v zote ni sifuri. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kimiminika chenye mnato hushikamana na ukuta. Basi huu si uga wa kubuni ovyo. Ndio umbo la mkondo mahali popote ambapo mafuta yanayotambaa ukutani kutoka pande mbili hukutana na kubanduka.

Sasa hesabu. Mwendo una vijenzi viwili na mahali pana pande mbili, kwa hiyo miteremko ya mwendo ni minne, hakuna zaidi wala pungufu. Ninawataka wanafunzi wangu waiandike yote minne kabla ya kugusa μ, hata ile inayoonekana kuwa sifuri:

∂u/∂x = 2Ax,  ∂u/∂y = 0
∂v/∂x = −2Ay,  ∂v/∂y = −2Ax

Jambo la kwanza la kuangalia ni jumla ya ∂u/∂x na ∂v/∂y. Hapa ni 2Ax kutoa 2Ax, yaani sifuri. Maana yake kila tone linalorefuka upande mmoja linapungua upande mwingine kwa kiasi kilekile, ujazo wake unabaki. Kama jumla hiyo isingekuwa sifuri, ama uga umenakiliwa vibaya, ama kimiminika kinabanika, ama kuna mwendo wa upande wa tatu ambao hatukuambiwa. Katika hali hizo hesabu inayofuata haiwezi kuendelea ilivyo.

Tutie namba. Tuseme A = 10 kwa kila mita na sekunde, na tutazame nukta iliyo sentimita 2 kutoka ukutani na sentimita 1 juu ya mstari wa katikati. Mwendo hapo ni milimita 4 kwa sekunde kwenda kulia na milimita 4 kwa sekunde kwenda chini. Miteremko ni 0.4, 0, −0.2 na −0.4, kila mmoja kwa sekunde. Ninasisitiza kipimo hicho, kwa sababu mita zimekatana na imebaki sekunde peke yake. Anayeandika mteremko wa mwendo kwa mita kwa sekunde amesahau kugawanya kwa umbali.

Ili kuona namba hizo zinafanya nini, chora ndani ya mafuta mraba mdogo wa rangi, tuseme wa milimita 2 kila upande, kona yake ya chini kushoto ikiwa kwenye nukta yetu. Subiri sehemu moja ya kumi ya sekunde. Upande wa chini, uliolala kuelekea x, umerefuka kwa asilimia 4, kwa sababu 0.4 mara 0.1 ni 0.04. Upande uliosimama umefupika kwa asilimia 4. Hadi hapo mraba umekuwa mstatili. Lakini upande wa chini pia umeinama: ncha yake ya kulia inashuka haraka kuliko ya kushoto, kwa kuwa ∂v/∂x ni −0.2, na baada ya sehemu hiyo ya sekunde umegeuka kwa mwelekeo wa saa kwa radiani 0.02, zaidi kidogo ya digrii moja. Upande uliosimama haukuinama kabisa, kwa sababu ∂u/∂y ni sifuri. Kona iliyokuwa pembe mraba sasa ina digrii 91 na kidogo.

Hapa ndipo penye kiini. Je, mraba umegeuka umbo au umezunguka? Umefanya yote mawili. Upande mmoja umegeuka kwa −0.2 kwa sekunde, mwingine kwa 0, kwa hiyo kwa wastani mraba mzima umezunguka kwa −0.1. Ukiuondoa mzunguko huo, yaani ukiutazama mraba ukiwa umekaa juu ya meza inayozunguka nao, utaona upande wa chini ukiinama kwa −0.1 na uliosimama ukiegemea upande wa pili kwa kiasi hichohicho. Kuinama huko kwa pande zote mbili ndiko kugeuka umbo kweli. Kwa hiyo kasi ya mgeuko ina vijenzi vitatu tofauti:

εxx = ∂u/∂x = 0.4
εyy = ∂v/∂y = −0.4
εxy = ½(∂u/∂y + ∂v/∂x) = −0.1

na mzunguko unabaki pembeni, ½(∂v/∂x − ∂u/∂y) = −0.1. Ile nusu ambayo wanafunzi huiona kama pambo la kitabu imetoka hapa hapa: pembe yote iliyofunguka imegawanywa kati ya pande mbili za mraba.

Kwa nini mzunguko uwekwe pembeni? Weka bakuli la mafuta katikati ya gurudumu la mfinyanzi na ulizungushe kwa mwendo uleule mpaka mafuta yote yaende pamoja na bakuli. Elesha juu yake vijiti viwili vilivyofungwa msalaba. Msalaba utazunguka, lakini tone la rangi lililo kando yake litabaki na umbo lake, mzunguko baada ya mzunguko. Uga wa mwendo huo ni u = −Ωy na v = Ωx. Anayeshika τ = μ ∂u/∂y atapata −μΩ, mkazo kila mahali, kana kwamba mafuta yanasuguana. Hayasuguani. Hakuna tabaka linalompita jirani yake, na joto la msuguano halizaliwi. Ukijumlisha −Ω na Ω kama sheria inavyotaka unapata sifuri, na sifuri hiyo ndiyo kweli. Stokes aliijenga nadharia yake juu ya wazo hilo: mwendo wa kuzunguka tu, kama wa kitu kigumu, haupaswi kuleta mkazo wa mnato, kwa hiyo mkazo lazima utegemee mgeuko wa umbo peke yake.

Baada ya hapo μ inaingia kwa urahisi. Kwa kimiminika cha Kinewtoni kisichobanika, mkazo wa mnato ni 2μ mara kasi ya mgeuko, kijenzi kwa kijenzi. Mnato wa mafuta ya nyonyo katika nyuzi 20 za selsiasi ni karibu paskali-sekunde 0.99. Tuchukue 1 ili hesabu isitusumbue:

τxx = 2μεxx = 0.8 Pa
τyy = 2μεyy = −0.8 Pa
τxy = 2μεxy = −0.2 Pa

Hapo ndipo marudio ya namba 2 huwachanganya watu. Katika vitabu vingine utakuta γ, kasi ya mtelezo, ambayo ni jumla ∂u/∂y + ∂v/∂x bila kugawanywa kwa mbili. Hapa ni −0.2. Mkazo wa mtelezo ni μ mara γ, au 2μ mara εxy. Jibu ni lilelile. Anayechukua 2μ mara γ anapata maradufu, na anayechukua μ mara εxy anapata nusu. Nimeona ripoti ya mradi mzima wa mwaka wa mwisho ambamo kila mkazo ulikuwa nusu ya thamani yake kwa sababu hiyo moja, na hakuna aliyeshtuka, maana picha za rangi zilikuwa nzuri na umbo la matokeo lilikuwa sahihi. Kosa la kuzidisha kwa namba isiyobadilika haliharibu umbo, ndiyo maana macho hayalioni.

Turudi ukutani, kwenye swali la mtihani. Weka x = 0. τxx inakuwa 4μA mara sifuri, yaani hakuna. τxy ni −2μAy, haina x ndani yake, kwa hiyo penye ukuta, sentimita 1 juu ya katikati, ni −0.2 Pa vilevile. Alama hasi ina maana: uso wa ukuta unatazama upande wa x chanya, na mafuta yanauvuta kuelekea y hasi, yaani chini, kule kule yanakokwenda. Sentimita 1 chini ya katikati alama inageuka na ukuta unavutwa juu. Katikati yenyewe, mahali mafuta yanapobanduka, mkazo wa mtelezo ni sifuri. Mhandisi anayetafuta mahali mkondo unapoachana na ukuta hutafuta nukta hiyohiyo, ambapo mkazo wa mtelezo unabadilisha alama.

Sasa ona jinsi fomula ya kukariri ilivyowapoteza. Kama ningechora ukuta ukiwa chini ya sinia badala ya kushoto, herufi zingebadilishana nafasi, na μ ∂u/∂y ingetoa jibu sahihi kabisa. Mafuta ni yaleyale, ukuta ni uleule, mkazo ni uleule. Kilichobadilika ni jina nililoupa mhimili. Fomula ambayo jibu lake linategemea upande niliosimama nikichora haiwezi kuwa sheria ya maumbile. Jumla ∂u/∂y + ∂v/∂x haijali ukuta uko upande upi.

Hoja ya pili ambayo hunipa kazi darasani ni ile τxx. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba mnato ni mambo ya kuteleza tu, na kwamba kinachosukuma au kuvuta moja kwa moja juu ya uso ni kanieneo. Lakini kwenye nukta yetu mkazo mnyoofu wa mnato ni 0.8 Pa, mara nne ya mkazo wa mtelezo. Vuta asali kwa kijiko utauona: uzi wa asali unaorefuka unakataa kurefuka, na hakuna tabaka linaloteleza juu ya jingine katikati ya uzi huo. Mkazo kamili kuelekea x ni −p + τxx, na kuelekea y ni −p + τyy. Kanieneo kinabana pande zote sawasawa. Mnato unaongeza upande mmoja na kupunguza upande mwingine. Kwa kuwa kanieneo cha hewa peke yake ni karibu Pa 101,000, hiyo 0.8 inaonekana haina maana, na wapo wanaoitupa. Ni kosa, kwa sababu mafuta hayasukumwi na ukubwa wa mkazo, yanasukumwa na tofauti zake kutoka mahali hadi mahali.

Tufanye hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kazi nzima. Kani ya mnato kuelekea x kwa kila mita ya ujazo ni badiliko la τxx kwa x jumlisha badiliko la τxy kwa y. La kwanza ni 4μA, sawa na 40. La pili ni −2μA, sawa na −20. Jumla ni niutoni 20 kwa mita ya ujazo kuelekea kulia. Kuelekea y jumla ni sifuri. Mwendo ukiwa wa polepole sana, kani hiyo lazima isawazishwe na kanieneo, basi kanieneo kinapanda kwa Pa 20 kwa kila mita kutoka ukutani. Kwenye nukta yetu kimepanda kwa Pa 0.4 tu. Tofauti za kanieneo na mikazo ya mnato zina ukubwa unaokaribiana. Zile Pa 101,000 ziko kila mahali na hazisukumi chochote. Aliyeacha τxx angepata −20 badala ya 20, na kanieneo chake kingeteremka pale kinapopanda.

Nimesema mwendo wa polepole, na sharti hilo si la kupitwa. Uga huu unatimiza sheria ya mwendo pale tu uzito wa kimiminika wa kuendelea na mwendo wake unapokuwa mdogo mbele ya mnato. Kipimo chake ni namba ya Reynolds: densiti mara mwendo mara umbali, gawanya kwa μ. Kwa mafuta ya nyonyo, kilo 960 mara 0.004 mara 0.02 gawanya kwa 1 ni karibu 0.08, chini sana ya 1, kwa hiyo tuko salama. Ukiweka maji badala ya mafuta, mnato unashuka mara elfu moja, namba ya Reynolds inapanda hadi karibu 80, na maji hayatafuata tena uga ulioandikwa kwenye karatasi. Unaweza bado kuhesabu mikazo kwa fomula zilezile, nayo ingekuwa mikazo ya mwendo ambao maji hayaufanyi.

Joto nalo linabadilisha jibu kuliko kosa lolote la hesabu. Mnato wa mafuta ya nyonyo katika nyuzi 30 ni karibu 0.45, chini ya nusu ya ule wa nyuzi 20. Mtu anayefanya jaribio mchana wa Dar es Salaam kwa kutumia namba ya kitabu iliyopimwa katika nyuzi 20 ameshazidisha mikazo yake yote zaidi ya maradufu kabla hajaanza. Ninashauri kipimajoto kikae ndani ya mafuta, si ukutani mwa chumba, na kisomwe mwanzo na mwisho wa jaribio. Vilevile hakikisha kimiminika ni cha Kinewtoni kweli. Mafuta ya nyonyo na gliserini ni salama. Uji, rangi ya ukutani na sosi ya nyanya vina mnato unaobadilika kadiri unavyovikoroga, na kwa hivyo 2μ mara kasi ya mgeuko kwa μ moja haitoshi.

Uga ukitoka kwenye kipimo badala ya kitabu, kuna tatizo jingine. Tuseme kamera inafuata chembe ndogo ndani ya mafuta, nukta zake zikipishana milimita 2, na kila mwendo una shaka ya milimita 0.1 kwa sekunde. Shaka hiyo ni ndogo ukilinganisha na mwendo wa milimita 4, chini ya asilimia 3. Lakini mteremko unapatikana kwa kutoa mwendo wa jirani mmoja kwenye wa jirani mwingine, kisha kugawanya kwa milimita 4 zilizo kati yao. Kutoa kunaacha tofauti ndogo, na shaka mbili zinaungana. Mteremko unabeba shaka ya karibu 0.035 kwa sekunde. Kwa εxx ya 0.4 hiyo ni asilimia 9. Kwa kasi ya mtelezo, ambayo ni jumla ya miteremko miwili, ni 0.05 juu ya 0.2, yaani robo nzima. Basi mtu anaweza kuwa na picha safi sana ya mwendo na mkazo ambao hauaminiki.

Dawa ninayowapa wanafunzi wa maabara ni kutumia kile wanachokijua bila kupima. Ujazo hauongezeki, basi ∂v/∂y lazima iwe kinyume cha ∂u/∂x. Pima zote mbili, na tofauti ya ukubwa wake itakuonyesha ukubwa wa shaka yako papo hapo. Ukutani mwendo ni sifuri kamili, hauna shaka. Usiubashiri kutoka kwa chembe za jirani. Milimita 2 kutoka ukutani, sentimita 1 juu ya katikati, v ni milimita −0.4 kwa sekunde. Gawanya kwa milimita 2 upate −0.2 kwa sekunde, jibu lilelile la karatasi. Na kabla ya kuamini programu yoyote inayochora mikazo, ilishe kwanza uga wa bakuli linalozunguka, u = −Ωy na v = Ωx. Ikichora rangi yoyote isipokuwa sifuri kila mahali, irudishe kwa aliyeiandika, na umwonyeshe alipoandika ∂u/∂y akasahau kujumlisha ∂v/∂x.